Barua Yenye Muhuri

Bwana Ochieng wa dirisha la mikopo aliisoma ile barua mara moja tu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, asiyaone, akairudisha juu ya kaunta.

"Mzee Saleh, hii haiwezi saidia wewe."

Saleh Idd alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumatano, kwa heshima ya benki. Ukimwona mtu wa Kaloleni amevaa kanzu ya Ijumaa Jumatano asubuhi, ama kuna harusi, ama kuna msiba, ama kuna mkopo. Aliitazama barua. Kwake ilikuwa barua nzuri. Bosi wake, Bwana Gichuki, aliiandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya karatasi aliyoichana kwenye daftari: kwamba Saleh Idd anafanya kazi katika kiwanda chake cha mbao, na kwamba ni mtu mwaminifu.

"Kuna ubaya gani?" akauliza. "Imesema niko kazini."

Ochieng hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na nyuma ya Saleh kulikuwa na watu sita. Akachukua kalamu. "Ona. Kwanza karatasi iwe ya kampuni, ile ya jina na sanduku la posta juu. Iandikiwe meneja wa benki, si yeyote anayehusika. Tarehe iwe. Jina lako litoke sawa na vile liko kwa kitambulisho. Uliandikwa lini, unafanya kazi gani. Wewe ni wa kudumu ama hapana. Mshahara kamili ni ngapi, na ukikatwa unabaki na ngapi. Halafu bosi aahidi kwamba mshahara itapita hapa kila mwezi, hatabadilisha bila kutuambia. Sahihi. Muhuri." Akayaandika yote kwenye kipande cha karatasi, akampa. "Meneja anapitisha mikopo Ijumaa asubuhi. Ukileta hii kabla ya saa nne, utatoka hapa na karatasi ya kusema umekubaliwa. Wewe ni wa kudumu, sio?"

"Miaka kumi na moja," Saleh akajibu kwa kifua mbele. "Sijakosa."

"Basi iko sawa."

Ijumaa. Saleh alitoka akiitafuna siku hiyo mdomoni. Ijumaa hiyohiyo, baada ya swala, binamu yake Idd angefika kutoka Port Victoria, anakouza samaki, kuja kuchukua jibu. Nyumba waliyokuwa wakiishi Kaloleni ilikuwa ya marehemu baba yake Idd, na sasa ni ya Idd, na Idd amepata mnunuzi anayetaka kuibomoa ajenge ghala. Undugu bado upo, hatukatai. Idd alisema: ukinionyesha karatasi ya benki Ijumaa, nakuuzia wewe na wala sikuongezei bei. Usiponionyesha, Jumamosi nachukua pesa za yule mnunuzi. Saleh alikuwa na akiba ya theluthi ya bei. Iliyobaki ndiyo hiyo iliyokuwa ikingoja barua.

Laiti ingekuwa yeye na mkewe Zamzam peke yao, wangehamia chumba cha kupanga Nyalenda wakasahau. Watu huhama. Lakini alikuwapo mama yake, Bi Zeituni. Macho yalimpungua kidogo kidogo hadi yakaisha, mwaka wa tano sasa, ila ukifika pale nyumbani mgeni hungejua. Alikuwa na hatua zake. Tisa kutoka kitandani hadi mlangoni. Kumi na nne kuvuka ua hadi jikoni. Ishirini na mbili hadi chooni, ukikata kulia penye mpapai. Alijichotea maji, aliwasha jiko, aliwafokea kuku kwa majina yao. Siku moja walimpeleka harusini Kombewa, akalala nyumba ya watu siku mbili. Siku mbili zote alikaa mkekani amekunja mikono, akingoja kuongozwa chooni kama mtoto, na aliporudi alimwambia mwanawe, "Usinipeleke tena mahali nisipopajua. Kule ndiko nilikokuwa kipofu." Saleh hakuyasahau maneno yale. Usiku mwingine yalimwamsha.

Alhamisi mapema alikuwa ameshafika kiwandani, na kile kipande cha Ochieng mkononi. Kiwanda chenyewe kilikuwa karibu na reli, bati tupu na vumbi la msumeno. Mwanzoni kilikuwa cha Mhindi mmoja mzee ambaye alikiuza akaenda zake kwa watoto wake ng'ambo, na Bwana Zacchaeus Gichuki, mfanyabiashara kutoka Nyeri, akakinunua mwaka wa sabini na mbili. Saleh alinunuliwa pamoja na mashine, ndivyo alivyopenda kutania. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo za stoo. Yeye ndiye aliyejua mvule uko wapi na msumari wa inchi nne uko wapi. Kila mtu pale alimwita Mzee wa Stoo.

Karani wa ofisi, binti wa Kiluhya aliyeitwa Metrine, aliisoma ile orodha kimyakimya huku akitikisa kichwa.

"Hii ni kitu ndogo, Mzee. Napiga chapa sasa hivi, Bwana Gichuki akirudi kutoka stesheni anaweka sahihi. Wacha tu nione uliandikwa lini."

Akafungua kabati. Akatoa kitabu cheusi cha wafanyakazi wa mwezi, akateremsha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili. Dereva. Fundi wa msumeno mkubwa. Yeye Metrine mwenyewe. Mlinzi. Kidole kikafika mwisho wa orodha kikasimama. Akarudi juu, akaanza tena.

"Unaitwa Saleh Idd? Ama kuna jina ingine?"

"Hilo hilo. Tangu kuzaliwa."

Metrine akakifunga kile kitabu cheusi polepole. Akavuta kingine, kikubwa, jalada la kaki lililolainika kwa mikono, na hapo hapo Saleh akakijua kitabu hicho, maana kila Jumamosi saa saba hutolewa dirishani na watu hupanga foleni mbele yake.

"Uko hapa," akasema Metrine kwa sauti ndogo. "Mzee, wewe uko kwa kitabu ya vibarua."

Unaweza kucheka, wewe msomaji mwenye barua yako ya ajira kabatini. Ni mtu gani asiyejua kwamba yeye ni kibarua? Lakini fikiri kidogo. Mtu anaingia kazini kila siku ya Mungu, miaka kumi na moja. Anafungua stoo, anafunga stoo. Ndiyo, ana kadi, kipande cha karatasi ngumu kisichozidi kiganja, na kila asubuhi mlinzi anaitoboa tundu moja, na Jumamosi anairudisha na kupewa bahasha yake. Lakini vyote hivyo vilikuwa mazoea, kama kunawa uso. Ochieng alipouliza "wewe ni wa kudumu?", Saleh alilisikia neno hilo kwa Kiswahili chake cha nyumbani. Kudumu ni kukaa. Nani pale amekaa kumshinda yeye? Hata fundi wa msumeno mkubwa alimkuta.

Kisha akakumbuka, na kukumbuka kukamuuma kuliko kitabu.

Mwaka wa sitini na sita, au saba, yule Mhindi mzee alimwita. Alimwambia, Saleh, nataka kukuhamisha kitabu cha mwezi. Kuna hii bima mpya ya serikali ya uzeeni, nitakata kidogo kwako na mimi nitaongeza, na utakuwa na likizo. Saleh akaomba usiku mmoja afikiri. Akaenda kumwuliza mama yake, aliyekuwa bado akiona wakati huo. Bi Zeituni akasema, "Mwezi mzima tutakula nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Chukua yako ya Jumamosi, mkononi, haijakatwa." Yakampendeza. Kesho yake akamshukuru Mhindi, akamwambia hapana. Mhindi akainua mabega. Wala hakuulizwa tena.

"Andika tu ya kudumu," Saleh akamwambia Metrine. Sauti yake mwenyewe hakuipenda. "Nani atajua? Mimi niko hapa kila siku. Si uongo."

"Siwezi, Mzee. Benki inapiga simu. Itauliza Bwana Gichuki mwenyewe."

Gichuki alirudi saa tano, jasho shingoni, akilalamika juu ya behewa lililochelewa. Alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa hesabu, si mkorofi. Alimkuta Saleh amesimama ofisini bila kofia, akajua kuna neno.

Saleh alimweleza yote. Nyumba, binamu, Ijumaa, benki. Alipofika kwenye habari za mama yake aliyasema yote, hata hatua tisa, hata mpapai, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa kazini. Kuomba ni kuvua nguo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Saleh siku hiyo aliinama mpaka mgongo ukalia.

"Nakusihi, bosi. Mstari mmoja tu. Niandike wa kudumu tangu sitini na tatu."

Gichuki alivua miwani akaifuta kwa shati. "Sikia, Saleh. Nikiandika hiyo, nimeandika nini? Nimeandika kwamba mtu amekuwa wa kudumu miaka kumi na moja na hajakatiwa bima hata mwezi moja, na hajapewa likizo hata siku moja. Na nimeweka muhuri yangu. Hiyo karatasi ikifika kwa mtu wa ofisi ya kazi, nani atalipa? Yule Mhindi amekwenda. Mimi nilinunua mbao na mashine. Sikununua kesi."

"Sitakushtaki. Naapa."

"Wewe hapana. Lakini karatasi haiapi. Na hao wengine ishirini kwa ile kitabu, wakisikia?"

La kusikitisha ni kwamba Saleh aliona bosi anasema kweli, na kweli ya bosi na shida yake zilikuwa zimekaa meza moja bila kusalimiana. Machozi yakamjia, mtu wa miaka arubaini na tatu, akayaacha yatoke.

Gichuki akageuza uso dirishani. Labda alimkumbuka mama yake huko Nyeri, hilo hatulijui. Alipogeuka alisema, "Metrine. Leta karatasi ya kampuni. Kumweka kwa kitabu ya mwezi, hiyo naweza. Kazi yake naijua. Andika yeye ni storekeepa wa kudumu. Andika mshahara, hesabu wiki nne na kitu. Andika itapita benki. Lakini uandike ile ukweli ya tarehe, na masharti kama ya kila mtu."

Saleh alisikia neno moja tu. Wa kudumu. Mashine ya chapa ilipoanza kulia alihisi kama mtu anamgongea mlango wa heri. Akaitazama barua ikitoka: jina la kampuni juu kwa wino mwekundu, meneja wa benki akitajwa kwa cheo chake, jina lake Saleh Idd pamoja na namba ya kitambulisho. Gichuki akaweka sahihi. Metrine akapuliza muhuri kwa pumzi, akaugandamiza, ukatoka wa zambarau, mviringo, mzuri mno.

"Mzee, ngoja kwanza usome hapa chini," Metrine akasema.

Lakini Saleh alikuwa ameshamshika bosi mkono kwa mikono miwili, ameshamwombea watoto wake, ameshatoka. Kiingereza cha barua kilikuwa kirefu kuliko chake, na furaha nayo haijui kusoma.

Jioni hiyo alimwambia mama yake, "Imetoka. Na muhuri."

Bi Zeituni alikuwa anapepeta mchele. Mikono ikasimama. "Alhamdulillahi. Kesho, ukitoka benki, uniletee hiyo karatasi niishike. Sitaki kuisoma. Nataka niishike tu."

Ijumaa saa tatu na nusu alikuwa wa kwanza dirishani. Ochieng aliona karatasi ya kampuni akatabasamu. Akaanza kuweka alama ndogo kwenye orodha yake: kichwa sawa, meneja sawa, jina sawa, mshahara sawa, ahadi ya kupitisha benki sawa. Halafu kalamu ikaning'inia.

"Mzee. Hii imesema wewe unaanza kazi tarehe mosi mwezi ujao."

"Naanza? Mimi niko pale miaka..."

"Imesema tarehe mosi mwezi ujao. Na utakuwa kwa majaribio miezi sita, halafu ndio utathibitishwa." Akaigeuza amwonyeshe, kidole juu ya mstari wa chini, mstari uleule wa Metrine. "Benki haiwezi kukopesha mtu wa majaribio. Mtu wa majaribio anaweza kufutwa na notisi ya siku saba. Na kwa fomu yako ya Jumatano wewe umeandika kudumu, miaka kumi na moja. Sasa nikimpelekea meneja hizi mbili, ataniuliza gani ndio ya uongo."

"Hakuna ya uongo!" Saleh alipaza sauti, na watu wa foleni wakatazama. "Mpigie. Mpigie bosi!"

Ochieng, Mungu ambariki, alipiga. Saleh alimsikia akiuliza, akanyamaza, akasema ndiyo, ndiyo, naelewa, asante. Akaweka simu.

"Anasema wewe ni mtu mzuri sana. Anasema kabla ya hapo ulikuwa kibarua." Akashusha sauti. "Omera, ndugu yangu, pole. Rudi baada ya miezi sita, na barua ya kuthibitishwa. Mimi mwenyewe nitakuhudumia. Kweli."

Miezi sita. Idd alikuwa anakuja leo, baada ya saa sita mchana.

Barua ikabanwa pini juu ya fomu, na juu yake Ochieng akaandika neno moja la Kiingereza, la kukataa, kwa wino mwekundu, akaiweka ndani ya faili, kwa kuwa mali ya faili haitoki. Saleh akatoka mikono mitupu. Hakwenda msikitini. Hilo nalo lilikuwa la kwanza miaka yote hiyo. Alitembea hadi ufukweni mwa ziwa, akasimama mahali ambapo magugu yamesukumwa na mawimbi yakaoza, akajaribu kufikiri ni nani wa kumkopa, akahesabu wote, na wote walikuwa watu kama yeye. Alitamani kumlaani mtu. Mhindi? Alimpa nafasi. Gichuki? Alimpa alichoweza. Ochieng? Akabaki na jina moja ambalo hakuthubutu kulitamka hata moyoni, akaogopa, akageuka kurudi nyumbani.

Bi Zeituni alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, leso mpya kichwani. Zamzam alikuwa jikoni akimpikia mgeni.

"Hatua zako nzito," mama akasema. "Foleni ilikuwa ndefu?"

"Ilikuwa ndefu, mama."

"Lete basi." Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Saleh alikuwa amejiandaa kusema. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. Lakini kile kiganja kilikuwa wazi mbele yake, kinangoja, na mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa karatasi pekee iliyokuwamo, ukaiweka pale.

Vidole vya Bi Zeituni vikaifunga. Vikaifungua. Vikapita pembeni, pembe nne, zikaisha upesi. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea juu ya matundu, kama kila Ijumaa jioni, maana ndivyo alivyojua tangu macho yafe kama mwanawe amefanya kazi wiki nzima au la. Moja. Mbili. Pengo. Tatu. Pengo.

"Siku tatu," akasema. "Wiki hii umekosa mbili."

Saleh akavua kofia yake.

"Na barua?"

"Ndiyo hiyo, mama. Barua niliyo nayo ndiyo hiyo."

Mama alikaa nayo kiganjani. Jikoni mafuta yalikuwa yanalia kwenye sufuria. Alikuwa mzee wa mji, Kiswahili alizaliwa nacho, na alijua jina la watu wa kadi lilitoka wapi hata kabla ya viwanda: barua ndogo, kikaratasi wanachopewa watu wa kutwa ili jioni walipwe.

"Kibarua," akasema. "Umeomba barua wamekupa kibarua." Kisha, "Ni mimi niliyekuambia uchukue ya Jumamosi."

"Hapana, mama. Hukuniambia."

"Nilikuambia. Nilikuwa nasonga ugali. Nilikuwa na macho."

Saleh akapiga magoti, akakiweka kichwa chake mapajani mwa mama yake, akalia kwa sauti bila kujali kama mkewe anasikia. Alitaka amwambie kwamba angefanya chochote, angebeba mbao usiku, angelala chini, ilimradi asimwone tena ameketi mkekani kwa watu amekunja mikono. Mama alimpapasa kichwa kwa mkono mmoja, na wa pili bado umeshika kadi.

"Niache nisimame," akasema mwishowe.

Akasimama. Akatembea, bila kugusa ukuta, midomo ikisogea. Tisa. Akashika mwimo wa mlango, akasimama pale jua likimpiga usoni, kama mtu anayeangalia ua wake.

Langoni sauti ya mwanamume ikabisha hodi, viatu vya mjini vikaja kwa haraka juu ya changarawe.

"Karibu, Idd, mwanangu," akasema Bi Zeituni, akimsogezea mkono. "Pole pole hapo. Inua mguu. Pana kizingiti."